Andika Kabla Hujabonyeza

Dalali wa foreksi humwekea mteja wake kumbukumbu nyingi bila kuombwa: bei aliyonunulia, bei aliyouzia, saa na dakika, faida au hasara mpaka senti ya mwisho. Kwa sababu hiyo wengi wanaofanya biashara hii kwa simu hawaoni haja ya daftari. Lakini kumbukumbu za dalali zinaeleza ulichofanya tu. Hazisemi uliona nini kwenye chati, ulitarajia nini kitokee, wala moyo wako ulikuwaje ulipobonyeza. Mambo hayo matatu huna mahali pengine pa kuyapata, na yakishapita saa chache hata wewe mwenyewe huyapati sawasawa.

Tumchukue mfanyabiashara wa mfano, mwenye dola 500 kwenye akaunti, ambaye amejiwekea kanuni ya kutohatarisha zaidi ya asilimia 1 kwa mara moja, yaani dola 5. Ni Jumanne, saa 5:02 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, msimu ambao soko la London hufunguliwa saa nne kwetu. Anaangalia EUR/USD. Kabla ya kuingia, anapiga picha ya skrini na kuandika hivi:

“Chati ya siku: bei inapanda, kila bonde liko juu ya lililotangulia. Chati ya saa moja moja: bei imerudi 1.0850, mahali palipoizuia wiki iliyopita na sasa naona panaishikilia. Mshumaa wa kwanza wa London umefunga juu yake. Nanunua 1.0855, loti 0.02. Kikomo cha hasara 1.0830, lengo 1.0905. Ikishuka chini ya 1.0830, wazo limekufa. Hali: wasiwasi 4 kati ya 5, jana nilipoteza mara mbili, tumbo limekaza.”

Kwa loti 0.02 za jozi hii, kila pipsi moja ina thamani ya senti 20 za dola. Kikomo kiko pipsi 25 chini, hivyo hasara yake ni dola 5. Lengo liko pipsi 50 juu, na faida yake ni dola 10. Wafanyabiashara huita kile kiasi walichokubali kukipoteza R 1, nao hupima kila tokeo kwa kipimo hicho. Akifika kwenye lengo amepata R 2, akigonga kikomo amepoteza R 1. Faida ya kipimo hiki ni kwamba biashara ya loti kubwa na ya loti ndogo zinaweza kulinganishwa, ilhali ukipima kwa dola peke yake, siku moja ya loti kubwa inafunika wiki nzima ya kazi nzuri.

Bei ikapanda hadi 1.0875, ikaanza kurudi. Akafunga kwa mkono kwenye 1.0870. Amepata pipsi 15, dola 3, sawa na R 0.6. Taarifa ya akaunti itaandika faida na yeye atajipongeza. Daftari lina mistari miwili zaidi: “Nimefunga kwa kuogopa kurudishiwa hasara ya jana, chati haikuwa imeniambia nitoke.” Na jioni, baada ya kurudi kwenye chati: “Bei iligonga 1.0905 bila kufika 1.0830.”

Sababu ya kusisitiza kwamba maelezo yaandikwe kabla ya kubonyeza ina ushahidi wake. Mwaka 1972, kabla ya Rais Nixon wa Marekani kuzuru China na Urusi ya Kisovieti, wanasaikolojia Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwauliza wanafunzi nchini Israeli wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara hizo. Baadaye waliwataka wakumbuke makadirio yao. Kwa yale waliyoamini yametokea, wengi walikumbuka kuwa waliyapa uwezekano mkubwa kuliko walioutoa kweli. Wawili hao walichapisha matokeo hayo mwaka 1975. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mtu akishajua mwisho wa jambo, kumbukumbu yake ya mwanzo hujipanga upya ifanane na mwisho huo. Mfanyabiashara anayejaza daftari usiku, hasara au faida ikiwa tayari mbele yake, anaandika hadithi ya mtu aliyejua. Safu ya hisia huharibika zaidi: kila hasara itaandikwa “nilikuwa na haraka” na kila faida “nilitulia”.

Sasa tuseme mtu wetu amefikisha biashara 40. Ameshinda 22 na kupoteza 18, na kwa hesabu ya harakaharaka anaonekana hodari. Lakini katika zote 22 alitoka kabla ya lengo, kwa wastani wa R 0.7, jumla R 15.4. Zile 18 zilikula R 1 kamili kila moja. Amebaki na hasara ya R 2.6, yapata dola 13. Anaposoma mistari ya jioni anakuta kwamba kati ya zile 22, 14 zingefika kwenye lengo na 8 zingerudi mpaka kwenye kikomo. Angeziacha zote, angepata R 28 na kupoteza R 26, faida ya R 2.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kusema mbinu yao imethibitika. Haijathibitika. Biashara moja tu kati ya zile 14 ingegonga kikomo badala ya lengo, faida ya R 2 ingegeuka hasara ya R 1, na bado hatujatoa ada za dalali. Biashara 40 ni chache mno kuhukumu mbinu. Kwa maoni yangu, daftari changa halina uwezo wa kukuambia kama soko linakulipa, ila lina uwezo mkubwa wa kukuonyesha unavyojiendesha, kwa sababu tabia hujirudia haraka kuliko bahati. Akipanga zile 22 kwa safu ya hisia, anakuta 15 zina wasiwasi 4 au 5 ulioandikwa kabla ya kuingia, na karibu zote zilifuata siku ya hasara. Hilo linatosha kufanyiwa kazi.

Kujiambia “safari hii nitavumilia” hakutamsaidia. Anabadilisha jambo moja linaloonekana: siku inayofuata hasara ataingia kwa loti 0.01, nusu ya kawaida, ataweka kikomo na lengo, kisha atafunga simu mpaka kimoja kiguswe. Kwa kuwa anapima kwa R, siku hizo za nusu bado zitalinganishwa na nyingine. Mengine yote yanabaki vilevile kwa biashara 40 zijazo, maana akibadilisha pia jozi na saa za kuingia, hatajua kipi kimeleta tofauti.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Sisi hatubadilishi saa zetu, London hubadilisha. Wakati wao wa baridi soko lao hufunguliwa saa tano asubuhi kwetu, siyo saa nne. Mtu anayeandika “naingia saa tano kamili” bila kutaja London atajikuta anachanganya biashara za dakika ya kwanza na za baada ya saa nzima, akidhani ni aina moja.

Kila mwisho wa wiki, hesabu mistari ya daftari dhidi ya taarifa ya dalali. Inayokosekana mara nyingi ni zile biashara za dakika mbilimbili zilizofunguliwa kwa hasira kufukuzia hasara, ambazo hakuna aliyetaka kuziandika. Ziingize hata kama umechelewa, na bei na saa zinakili kutoka kwa dalali. Pale palipotakiwa sababu na hali, andika “sikuandika kwa wakati” na upaache hivyo.