Tui la kopo likishafunguliwa: siku ngapi kwenye friji?

Mama mmoja alikuja kliniki Jumatano asubuhi na mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili. Mtoto alikuwa ameanza kuharisha maji maji tangu Jumanne jioni, na usiku alitapika mara mbili. Nilipomuuliza mama amempa nini siku mbili zilizopita, akataja uji wa lishe, ndizi, na maji ya kuchemsha. Kisha akaongeza: "Ule uji naulainisha na tui la nazi la kopo. Lakini hilo halina shida, dada nesi, lipo kwenye friji na kopo limeandikwa linaisha mwaka kesho."

Siwezi kukuambia kwa uhakika kwamba ni tui lililomharisha mtoto yule, kwa sababu kuhara kuna vyanzo vingi. Lakini maneno yale nayasikia mara kwa mara, na yana kosa moja ambalo ni rahisi kulirekebisha.

Tarehe ya kopo ni ya kopo lililofungwa

Kiwandani tui hutiwa kwenye kopo, kopo likafungwa kabisa, kisha likapashwa moto mkali likiwa limefungwa. Moto ule huua vijidudu vilivyomo, na kwa kuwa hakuna pa kuingilia, vingine haviingii. Ndiyo maana kopo hukaa kabatini mwaka mzima au zaidi bila friji na tui lisiharibike.

Siku unapolifungua, kinga hiyo inaisha. Hewa inaingia, kijiko kinaingia, na mkono unagusa ukingo. Tui lina maji, mafuta na sukari kidogo, na halina ukali wa ndimu au siki ambao ungezuia vijidudu kukua. Kwa bakteria hicho ni chakula kizuri, karibu sawa na maziwa ya ng'ombe. Kwa hiyo tangu saa ile uliyofungua, sahau tarehe iliyochapishwa kwenye kopo. Hesabu inaanza upya.

Hesabu ni siku 3

Tui la kopo lililofunguliwa, likahamishiwa kwenye chombo safi chenye mfuniko na kuwekwa mara moja kwenye friji yenye baridi ya kutosha, litumie ndani ya siku 3. Ukilifungua Ijumaa jioni, mwisho wake ni Jumatatu jioni. Kama kopo lenyewe limeandikwa muda mfupi zaidi baada ya kufunguliwa, kwa mfano siku 2, fuata hayo maandishi.

Utasikia watu wakisema wanalitumia mpaka siku ya 5 au ya 6 na hawajaumwa. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuponea. Mtoto mdogo, mama mjamzito, mzee, au mtu ambaye kinga yake ya mwili iko chini, hao huumwa upesi zaidi na kwa ukali zaidi. Ukipika kwa ajili yao, shika siku 3.

Kumbuka pia kwamba friji haiui bakteria, inawapunguzia mwendo tu. Baridi inayotakiwa ni nyuzi joto 4 au chini yake. Mlangoni mwa friji ndipo penye joto zaidi, kwa sababu kila ukifungua panapigwa na hewa ya nje. Weka tui ndani kabisa, kwenye rafu ya nyuma.

Na tui ulilolikamua mwenyewe je? Hilo halikupitia moto wa kiwandani. Limepita kwenye mbuzi, kwenye maji, kwenye kichujio na mikononi. Lipike siku hiyo hiyo, au likilala kwenye friji, kesho yake liishe.

Usiliache ndani ya kopo

Wengi hufunika kopo kwa kisahani au mfuko wa plastiki na kulisukuma kwenye friji. Kopo wazi halifunikiki vizuri, hivyo matone ya nyama au samaki walio rafu ya juu yanaweza kudondokea ndani. Tena chakula kikikaa kwenye kopo lililokwisha kufunguliwa, madini ya kopo yanaweza kuanza kuingia kwenye chakula, na tui likapata ladha ya chuma. Ukingo wake nao hukata vidole vya watoto.

Fanya hivi. Kabla ya kufungua, osha kifuniko cha kopo na kifungulio kwa maji na sabuni, maana vumbi la dukani likiwa juu ya kifuniko huingia ndani ya tui. Mimina kiasi unachopika kwenye sufuria. Kinachobaki kimimine papo hapo kwenye chupa ya kioo au kibakuli chenye mfuniko unaobana. Bandika kipande cha karatasi na uandike siku na saa, mfano "Ijumaa saa 1 jioni". Kila ukichota, tumia kijiko safi na kikavu. Usichote kwa kijiko ulichoonjea, wala kile ulichomlishia mtoto, na kilichobaki kwenye kikombe cha mtoto usikirudishe kwenye chupa.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo hesabu ya siku 3 inapovunjika. Kwenye joto la kawaida la nyumbani, baadhi ya bakteria huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20. Mmoja anakuwa 64 ndani ya saa 2, na baada ya saa 4 wanapita 4,000. Kwa hiyo tui likikaa nje ya baridi zaidi ya saa 2, limwage. Siku za joto kali, zile ambazo hata ukutani panatoa moto, usizidishe saa 1.

Friji iliyozimika huhifadhi baridi yake kwa takriban saa 4, lakini kwa sharti mlango usifunguliwe. Mlango ukifunguliwa kila mara kuchukua maji, muda huo unapungua sana.

Sasa turudi kwa yule mama tuhesabu pamoja. Alifungua kopo Ijumaa saa 1 jioni, akaunga maharage kwa nusu yake. Nusu nyingine ilibaki mezani ndani ya kopo mpaka saa 3 usiku, alipomaliza kuwalaza watoto. Hizo ni saa 2 za joto. Jumapili saa 2 asubuhi umeme wa LUKU uliisha, akanunua mwingine saa 10 jioni. Hizo ni saa 8. Nyumbani kuna watoto wakubwa wawili waliokuwa wakifungua friji kuchukua maji. Umeme uliporudi, tui likapoa tena na kuonekana vile vile. Jumatatu na Jumanne likatiwa kwenye uji.

Yeye alihesabu: siku 4, tena za friji. Lakini tui lile lilipaswa kumwagwa Jumapili hiyo hiyo, kabla hata ya siku 3 kufika. Kupoa tena hakurudishi nyuma kilichokwisha kukua.

Kama hukuwepo nyumbani na hujui umeme ulikatika kwa muda gani, kuna njia rahisi. Gandisha kikombe cha maji kwenye friza, kisha weka sarafu juu ya barafu na ukiache humo. Ukirudi ukakuta sarafu imezama chini ya barafu, ujue barafu iliyeyuka yote ikaganda tena. Vilivyokuwa kwenye friji vimepata joto muda mrefu.

Nitajuaje limeharibika?

Kwanza nikuondoe wasiwasi kwa kitu kimoja: tui likiwa kwenye friji hujitenga. Juu hukaa tabaka jeupe gumu na chini maji maji. Hayo ni mafuta ya nazi yameganda, kwani huganda hata kabla ya kufika baridi ya friji. Likoroge au lipashe moto, litarudi. Halijaharibika kwa sababu hiyo.

Dalili za kuharibika ni harufu ya kuchacha, mapovu ambayo hukuyatia wewe, ute unaovutika kwenye kijiko, mfuniko uliovimba, au madoa ya kijivu, waridi, kijani au meusi, ambayo ni ukungu. Ukiona mojawapo, mwaga lote. Usitoe doa ukatumia lililobaki, na usionje ili kuhakikisha.

Jambo gumu ni kwamba kukosa dalili hakumaanishi liko salama. Bakteria wanaochachisha chakula si lazima wawe wale wanaoumiza tumbo. Tui linaweza kunukia vizuri, likawa jeupe safi, na bado likawa na wa kumharisha mtoto. Ndiyo maana tunaandika siku kwenye chupa badala ya kutegemea pua.

"Nitalichemsha vizuri"

Hili ndilo swali la mwisho aliloniuliza. Kuchemsha huua bakteria wengi, lakini baadhi yao wakishazaana huacha sumu ambayo haiharibiwi na moto wa jikoni. Unaweza kuchemsha uji dakika 20, bakteria wakafa, na sumu yao ikabaki kwenye kikombe. Chemsha tui zuri, lakini usichemshe ili kuokoa tui bovu.

Cha kufanya ili usitupe fedha ni kugandisha mapema. Ukijua hutamaliza kopo, siku ile ile ya kufungua mimina kiasi kwenye kitreyi cha barafu, vijiko viwili kila kitundu, na uweke kwenye friza. Vikishaganda, vihamishie kwenye mfuko safi unaofungika. Vitakaa vizuri miezi 2 hivi. Kwa uji wa mtoto toa kimoja, ukitie kikiwa bado barafu kwenye sufuria inayochemka. Kikishayeyuka usikigandishe tena. Na kumbuka, tui ni la kuunga chakula cha mtoto aliyefikisha miezi 6. Halichukui nafasi ya maziwa ya mama.

Mtoto akianza kuhara

Mpe ORS kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko, endelea kumnyonyesha na kumlisha, na mpeleke kituo cha afya apimwe na apewe vidonge vya zinki. Mwahishe bila kusubiri kesho yake ukiona damu kwenye choo, anatapika kila kitu, hawezi kunywa au kunyonya, macho yamebonyea, hakojoi kama kawaida, ana homa kali, au amelegea na ni mgumu kuamka. Ukifika, taja kila alichokula siku mbili tatu zilizopita, pamoja na kile kilichokuwa kwenye friji.

Mtoto wa yule mama alirudi baada ya siku tatu akiwa anakimbia barazani. Mama alinionyesha picha kwenye simu yake: chupa ya kioo, na karatasi imeandikwa "Alhamisi saa 12 jioni".