Kipimo na Siku za Kusubiri: Kutoka Picha ya Lebo Hadi Kadi ya Shamba

Ilula, mkoani Iringa, mkulima wa nyanya anapopiga dawa ya ukungu huwa na simu mfukoni na kadi ya shamba nyumbani. Picha ya lebo ameshapiga. Kazi iliyobaki ni kuhamisha namba mbili kutoka kwenye picha kwenda kwenye kadi: kiasi cha dawa kwa maji, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Namba hizi hazitenganishwi. Siku za kusubiri hupatikana kwa majaribio ya shambani, ambapo masalia ya dawa hupimwa kadiri yanavyopungua kwenye zao lililopigwa kwa kipimo cha lebo. Ukizidisha dawa, siku zilizoandikwa hazikuhusu tena, hata ukizihesabu kwa uaminifu.

Tuchukue pakiti ya unga wa mankozebu ya asilimia 80, ambayo mstari wake wa nyanya unasema hivi: gramu 50 kwa lita 20 za maji, rudia kila baada ya siku 7 hadi 10, usiingie shambani kabla ya saa 24, acha siku 7 kabla ya kuvuna. Neno “siku” limetokea mara mbili, na hapo ndipo kadi nyingi huharibika. Siku 7 hadi 10 ni nafasi kati ya upigaji mmoja na mwingine. Saa 24 zinamlinda anayeingia shambani. Namba ya kuandika kwenye safu ya kusubiri ni ile tu iliyofungamana na neno “kuvuna”.

Picha yenyewe inaweza kupotosha. Chupa ni ya mviringo, kwa hiyo picha moja hukata ukingo wa jedwali, na mara nyingi safu ya siku za kusubiri ndiyo ya mwisho kulia. Piga picha ya mbele inayoonyesha jina, kiambato na namba ya usajili, kisha za jedwali zima pamoja na vichwa vya safu zake. Zipige kabla ya kufungua pakiti, mikono ikiwa safi. Wakati wa kusoma, weka ukingo wa karatasi chini ya mstari wa nyanya, maana mstari wa kabichi au viazi uliopo jirani unaweza kuwa na siku tofauti. Nukta ya desimali iliyofichwa na mng’ao wa jua hugeuza 2.5 kuwa 25. Usipoiona vizuri, acha nafasi wazi kwenye kadi na usichanganye dawa mpaka uisome kwenye pakiti. Picha ya msimu uliopita haifai pia: unga wenye mankozebu asilimia 64 pamoja na metalaksili asilimia 8 ni dawa nyingine, hata kama pakiti zinafanana rangi.

Sasa bomba. La mkulima wetu linabeba lita 16, wala si 20. Gramu 50 kugawanya kwa 20 ni gramu 2.5 kwa kila lita. Mara 16 ni gramu 40. Akimimina zote 50, dawa imezidi kwa robo. Kwenye kadi naona ni bora kuandika vyote viwili, “50 g kwa lita 20” kama lebo isemavyo na “40 g kwa bomba la lita 16”, ili atakayesoma baadaye aweze kukagua hesabu. Kuandika “vizibo viwili” hakusaidii, kwani vizibo havilingani.

Sehemu inayouma zaidi ni tarehe. Nyanya huchumwa mara kwa mara, tuseme kila Jumatatu na Ijumaa. Akipiga Jumanne tarehe 10 Juni 2025, siku ya kupiga huhesabiwa sifuri, na ruhusa ya kuvuna inaanza Jumanne tarehe 17. Mchumo wa Ijumaa umekwenda, na wa Jumatatu tarehe 16 umekosa siku moja tu. Angechuma Jumatatu tarehe 9 asubuhi kisha akapiga jioni ileile, tarehe 16 ingekuwa halali na angepoteza mchumo mmoja badala ya miwili. Ndiyo sababu kadi inahitaji safu ya “kuvuna kuanzia tarehe”, ijazwe kabla ya bomba kupanda mgongoni.

Mambo hubadilika kantangaze akiingia shambani. Akiongeza dawa ya wadudu yenye siku 14 siku ileile ya tarehe 9, kadi inafuata namba kubwa: kuvuna ni tarehe 23. Mvua haifupishi siku hizo, wala kuosha nyanya, kwa kuwa maji hupunguza kilicho juu ya ganda lakini hayafikii kilichokwisha kupenya. Nyanya zilizoiva hazitasubiri wiki mbili. Kwa hiyo mkulima aliyekwisha kuanza kuchuma afananishe lebo akiwa bado dukani, achague dawa ya kantangaze iliyosajiliwa kwa nyanya na yenye siku chache, kisha apige picha ya lebo yake kabla ya kulipa.