Vijiji Vingapi Vinatosha?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, tafiti zilikuwa zimeanza kuonyesha kuwa mtu mwenye kisonono, kaswende au vidonda sehemu za siri huambukizwa VVU kwa urahisi zaidi. Mkoani Mwanza likazuka swali: zahanati zikiyatibu vizuri magonjwa ya zinaa, je, maambukizi mapya ya VVU yatapungua?

Watafiti wa Tanzania na wenzao wa London walichagua jamii 12. Kila jamii ilikuwa na kituo cha afya, zahanati zake na watu wanaotegemea huduma hizo. Jamii 6 zilianza kupata huduma iliyoboreshwa: wahudumu walifundishwa, dawa zikafika kwa uhakika, wananchi wakahimizwa kwenda kutibiwa. Nyingine 6 zilisubiri zamu yao. Katika kila jamii, watu wazima wapatao 1,000 walichaguliwa kwa kubahatisha, wakapimwa, na baada ya miaka 2 wakatafutwa wapimwe tena.

Lakini kwa nini jamii 12, na si 4 au 40? Kabla ya utafiti wa namna hii kuanza, mtakwimu hukaa chini na kupiga hesabu ya sampuli. Hesabu hiyo inataka vitu vinne.

Cha kwanza ni hali ilivyo bila huduma mpya. Chukulia kuwa katika miaka 2, watu 2 kati ya 100 wataambukizwa. Cha pili ni badiliko ambalo watafiti hawataki liwapite bila kuonekana, tuseme maambukizi yapungue kwa nusu, hadi mtu 1 kati ya 100.

Cha tatu ni kiasi cha makosa kinachovumilika. Kosa moja ni kutangaza kuwa huduma inasaidia wakati haisaidii. Kwa kawaida hilo huwekewa kikomo cha asilimia 5. Kosa la pili ni kinyume chake: huduma inasaidia kweli, lakini utafiti unashindwa kuiona. Uwezo wa kuliepuka kosa hili ndio unaoitwa nguvu ya utafiti. Nguvu ya asilimia 80 ina maana kwamba, kama huduma inapunguza maambukizi kwa nusu na utafiti ukarudiwa mara 10, wastani wa mara 8 matokeo yatalithibitisha hilo.

Kama kila mtu angepewa matibabu au kuyakosa kwa bahati nasibu yake binafsi, vitu hivyo vitatu vingetosha. Kwa takwimu hizi wangehitajika watu wapatao 2,300 kila upande. Lakini huwezi kumpa jirani mmoja zahanati bora na kumnyima mwingine, na anayetibiwa humkinga pia mwenzi wake. Ndiyo maana kura hupigiwa jamii nzima, na hapo ndipo kitu cha nne kinapoingia: tofauti kati ya jamii na jamii.

Watu wa sehemu moja hufanana. Kijiji cha barabarani chenye wageni wengi hakilingani na kijiji cha ndani, hata kama hakuna aliyeleta huduma yoyote. Mtu wa 700 kupimwa katika kijiji kilekile huongeza habari kidogo kuliko mtu wa kwanza wa kijiji kingine. Tofauti hiyo hupimwa kwa herufi k. Ikiwa wastani wa maambukizi ni asilimia 2 na k ni 0.25, jamii nyingi zitaangukia kati ya asilimia 1 na 3.

Richard Hayes, mtakwimu wa utafiti wa Mwanza, pamoja na Steve Bennett, walichapisha mwaka 1999 kanuni ambayo hadi leo hutumiwa sana:

```
c = 1 + 7.84 × [p0(1−p0)/m + p1(1−p1)/m + k²(p0²+p1²)] / (p0−p1)²
```

Hapa c ni idadi ya jamii kila upande na m ni idadi ya watu wanaopimwa katika kila jamii. p0 na p1 ni viwango vya maambukizi bila huduma na ikiwepo, yaani 0.02 na 0.01. Namba 7.84 ndiyo iliyobeba kikomo cha asilimia 5 na nguvu ya asilimia 80.

Weka m iwe 700 na k iwe 0.25. Jibu ni 6.75, na kwa kuwa hakuna robo tatu ya kijiji, zinahitajika jamii 7 kila upande. Hao ni watu 4,900, zaidi ya mara mbili ya wale 2,300.

Sasa ongeza watu mara mbili, wawe 1,400 kila jamii. Jamii zinazohitajika zinapungua kutoka 7 hadi 6 tu, ingawa damu za kupima zimefika 8,400 kila upande. Wapunguze hadi 350: zinahitajika jamii 11, lakini watu ni 3,850. Hata ukipima watu bila kikomo, hutashuka chini ya jamii 4. Mwenye bajeti ya kupima watu wengi katika vijiji viwili vikubwa hawezi kununua nguvu kwa njia hiyo. Kinachokosekana ni vijiji.

Badiliko linalotafutwa lina uzito mkubwa zaidi. Ukitaka kuona upungufu wa robo badala ya nusu, jamii zinaruka kutoka 7 hadi 29 kila upande. Hapa ndipo kishawishi kilipo: mpangaji akiona namba kubwa, anatangaza kwamba huduma yake itapunguza ugonjwa kwa nusu, ili hesabu itoshe fedha alizonazo. Dalili yake ni pendekezo la utafiti lisiloeleza makadirio hayo yametoka wapi.

Kwa k, mpangaji makini hutazama takwimu za awali za eneo husika, kisha hujaribu zaidi ya thamani moja. Katika mfano huu, 0.15 inadai jamii 6, na 0.35 inadai 10. Mwanza walipunguza tatizo hili kwa kupanga jamii zinazofanana mojamoja, jozi 6, kabla ya kupiga kura ndani ya kila jozi.

Lazima pia kuhesabu watakaopotea. Mwanza waliandikishwa watu 12,537, na asilimia 71 ndio walioonekana tena. Walioanza bila VVU na kupimwa mara ya pili walibaki kama 700 kwa kila jamii.

Matokeo yalitoka mwaka 1995: walioambukizwa walikuwa 48 kati ya 4,149 palipoboreshwa huduma, na 82 kati ya 4,400 kwingineko. Baada ya marekebisho, upungufu ulikadiriwa kuwa asilimia 42, na ulionekana katika jozi zote 6.

Baadaye mkoani humohumo, utafiti wa MEMA kwa Vijana ulipima elimu ya afya ya uzazi katika jamii 20. Maambukizi mapya ya VVU kwa vijana yalikuwa machache. Kwa wasichana, makadirio yalionyesha upungufu wa asilimia 25, lakini yakiwa na upana wa kutoka upungufu wa asilimia 66 hadi ongezeko la asilimia 66. Hiyo ndiyo sura ya nguvu ndogo: kuhusu VVU, takwimu hizo haziwezi kusema kuwa elimu ilisaidia, wala haziwezi kusema kuwa haikusaidia.