Picha Saba, Maswali Hamsini

Picha saba za mtihani mmoja zimeingia kwenye kundi la wazazi. Mzazi mmoja amehesabu maswali yaliyo katika kila picha, akajumlisha, akapata 50, sawasawa na idadi iliyotajwa kwenye maelekezo. Lakini mtoto anapoanza kujibu, swali la 37 halionekani popote.

Mfano huu unafuata karatasi ya Kiswahili ya KCPE, mtihani uliofanywa nchini Kenya kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Maswali 1 hadi 15 yalikuwa ya kujaza mapengo, 16 hadi 30 ya matumizi ya lugha, kisha zikafuata taarifa mbili za ufahamu: moja ya maswali 31 hadi 40, nyingine 41 hadi 50. Mpangilio wa namna hiyo, wenye nambari zisizokatika, ndio unaomwezesha mzazi kuiunganisha upya karatasi iliyofika vipande vipande.

Jambo la kwanza ni kutouamini mfuatano wa kufika. Mtandao ukiwa mzito, picha iliyotumwa mwanzo inaweza kutangulizwa na ya tatu. Jina la faili nalo halisaidii. Kwenye simu za Android, WhatsApp huhifadhi picha kwa majina kama `IMG-20230914-WA0012.jpg`, na hiyo 0012 hutolewa na simu iliyopokea, haina uhusiano wowote na ukurasa wa 12. Kinachoaminika ni kile kilichochapishwa kwenye karatasi yenyewe.

Basi mzazi anachukua kipande cha karatasi na kuandika, kwa kila picha, swali la kwanza na la mwisho linaloonekana. Zilivyofika, zinasomeka hivi: 16–24, 1–9, 41–50, 24–30, moja yenye taarifa tupu isiyo na swali, 7–15, na 31–36. Kisha anazipanga upya kwa kufuata nambari ya kwanza: 1–9, 7–15, 16–24, 24–30, 31–36, 41–50.

Sasa anakagua kila maungio. Picha inayofuata inatakiwa kuanza na nambari moja mbele ya ile iliyomalizia picha iliyotangulia. Ikianza nyuma ya hapo, kuna marudio. Ikiruka mbele, kuna pengo. Baada ya 9 inakuja 7, kwa hiyo maswali 7, 8 na 9 yamepigwa mara mbili. Swali la 24 pia limo katika picha mbili. Baada ya 36 inakuja 41, maana yake 37, 38, 39 na 40 hayapo. Manne yamezidi, manne yamepungua, na ndiyo sababu jumla ilitoka 50 bila kasoro kuonekana.

Marudio yenyewe si hasara. Mpiga picha akisogeza simu kidogokidogo, mistari ya chini ya picha moja hujitokeza tena juu ya picha inayofuata, na hapo ndipo panapothibitisha kwamba hakuna mstari ulioangukia katikati. Anayenakili swali la 24 huchagua picha inayolionyesha zima, kuanzia maelezo yake hadi jibu la D. Kama moja imekatwa baada ya B, na nyingine inaanzia katikati ya swali, hukamilisha moja kwa nyingine na kuliandika mara moja tu.

Sehemu ya mapengo inahitaji jicho kali zaidi. Nambari 7 inaonekana ndani ya kifungu, mahali pa kujaza, na inaonekana tena chini penye majibu ya kuchagua. Hayo si marudio. Akifuta moja, anabaki na pengo lisilo na majibu au majibu yasiyo na pengo.

Imebaki picha isiyo na swali. Hii huwekwa kwa maelekezo yaliyo juu ya taarifa, yanayomtaka mwanafunzi asome kisha ajibu swali la 41 hadi 50, hivyo inakaa kabla ya picha ya 41–50. Hapa ukaguzi wa nambari unafika mwisho wa uwezo wake: taarifa ikikatwa mistari mitatu ya chini, nambari zote zitaendelea kukubaliana. Inabidi kusoma sentensi ya mwisho na kuona kama imekamilika.

Ombi kwa aliyetuma linakuwa fupi: “Naomba utupigie tena swali la 37 hadi 40.” Hilo hujibiwa haraka kuliko kuambiwa tu kwamba picha hazijatimia. Picha ya nane ikifika, zote hubadilishwa majina kuwa 01, 02, 03 hadi 08 kabla ya kuchapwa. Sifuri ya mbele ina kazi yake, kwa kuwa mtihani mrefu zaidi ukifikia picha kumi, programu nyingi huiweka 10 kabla ya 2.