Kutoka Wasifukazi hadi Mstari Mmoja: Nomino za Mtenda na Ukweli wa Utambulisho wa Msomi

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi wasifukazi mrefu unavyogeuzwa kuwa wasifu mfupi wa kitaaluma, na kisha kuwa utambulisho wa mstari mmoja. Hoja yake ni kwamba ufupishaji huo hubadili sarufi ya maelezo pamoja na urefu wake. Wasifukazi husimama juu ya tarehe, wasifu mfupi husimama juu ya njeo za vitenzi, na mstari mmoja husimama juu ya nomino za mtenda. Katika hatua hiyo ya mwisho ndipo ukweli huwa hatarini zaidi. Hoja inafafanuliwa kwa mfano wa mwalimu wa Kasanga, mkoani Rukwa, uliotungwa kwa ajili ya uchambuzi, na kwa wasifu wa Euphrase Kezilahabi.

1.0 Wasifukazi: Orodha Isiyo na Kiima

Mwalimu wa mfano ana wasifukazi wa kurasa sita. Ndani yake mna shahada ya awali ya elimu katika Kiswahili na Historia (2008), shahada ya uzamili ya Kiswahili (2015) yenye tasnifu kuhusu majina ya samaki na zana za uvuvi katika Kilungu na Kiswahili, makala mbili zilizochapishwa, warsha tisa, usahihishaji wa mitihani ya kidato cha nne, tafsiri ya kijitabu kimoja cha afya, ukatibu wa kwaya, na majina ya wadhamini watatu. Kuhusu ajira, mistari ni miwili: “Mwalimu, Wilaya ya Sumbawanga Vijijini, 2008–2012” na “Mwalimu, Wilaya ya Kalambo, 2012 hadi sasa.”

Maelezo haya yameundwa kwa vikundi nomino. Hayana kiima wala kitenzi, na kila mstari unajitegemea. Uhusiano kati ya mstari mmoja na mwingine umeachiwa msomaji. Ndiyo maana mistari miwili ya ajira inaweza kumpotosha: inasomeka kana kwamba mwalimu alihama. Ukweli ni kwamba Wilaya ya Kalambo ilimegwa kutoka Sumbawanga Vijijini mwaka 2012, na mwalimu alibaki katika shule ileile, karibu na bandari ileile ya Kasanga. Kilichohama ni mpaka wa kiutawala.

2.0 Wasifu Mfupi: Kazi ya Njeo

Hatua ya kwanza si kufuta mistari, bali ni kuuliza ni mistari ipi inayoelezana. Tasnifu na makala mbili zinahusu msamiati wa uvuvi. Miaka ya kufundisha ukingoni mwa Ziwa Tanganyika inaeleza data hiyo ilikotoka. Mambo hayo yanafanya fungu moja. Ukatibu wa kwaya, warsha na wadhamini hayamo katika fungu hilo, kwa hiyo yanaachwa hata kama yana heshima yake. Usahihishaji wa mitihani ungebaki endapo msomaji angekuwa mchapishaji wa vitabu vya kiada. Kwa mhariri wa jarida la isimu unaondolewa.

Hatua ya pili ni kuipa kila tarehe njeo inayoistahili. Kiambishi -na- kinafaa kwa kazi inayoendelea, -me- kwa tendo lililokamilika ambalo matokeo yake yapo, na -li- kwa tukio lililofungwa. Matokeo yake ni haya:

“Mwalimu huyu anafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari Kasanga, Mkoa wa Rukwa, tangu mwaka 2008. Alipata shahada ya uzamili ya Kiswahili mwaka 2015 kwa tasnifu kuhusu majina ya samaki na zana za uvuvi katika Kilungu na Kiswahili. Amechapisha makala mbili kuhusu msamiati huo.”

Mistari miwili ya ajira sasa ni sentensi moja, na upotoshaji umetoweka. Hata hivyo, kosa dogo la njeo linaweza kuuleta upya. Mwandishi akiandika “anachapisha makala,” msomaji ataelewa kuwa uchapishaji ni mazoea yake ya kila mwaka. Idadi “mbili” pamoja na -me- ndivyo vinavyodhibiti kauli hiyo.

3.0 Mstari Mmoja: Njeo Inapopotea

Katika mstari mmoja hakuna nafasi ya mfuatano wa vitenzi, kwa hiyo matendo hugeuzwa kuwa nomino za mtenda. Andika hutoa mwandishi, fundisha hutoa mfundishaji, na vitenzi vya mkopo kama tafiti, hariri na tafsiri hupokea m- na kubaki na irabu yake ya mwisho: mtafiti, mhariri, mtafsiri. Unyambuaji huu unaokoa maneno, lakini unaondosha njeo, idadi na mara nyingi yambwa pia. Aliyetafsiri kijitabu kimoja na aliyetafsiri riwaya kumi wote huitwa mtafsiri. Tukio la siku chache hupata sura ya sifa ya kudumu.

Mstari wa kwanza unaomjia mwandishi wengi ni kama huu: “Mwalimu, mtafiti, mtafsiri, mhariri na mbobezi wa lugha za Rukwa.” Njia ya kuupima ni kuzirudisha nomino zote katika vitenzi na kutafuta katika wasifukazi mistari inayozithibitisha. Mwalimu ana uthibitisho wa miaka mingi. Mtafiti ana tasnifu na makala mbili, lakini kuhusu Kilungu na Kiswahili tu. “Lugha za Rukwa” hazithibitishwi. Mtafsiri ana kijitabu kimoja. Mhariri ana warsha, yaani alijifunza kuhariri, hakuhariri. Mbobezi haina kitenzi cha kuthibitishwa kwa mstari wowote; ni hukumu ambayo wengine ndio hupaswa kuitoa. Zinabaki nomino mbili:

“Mwalimu wa Kiswahili Kasanga, Rukwa, na mtafiti wa msamiati wa uvuvi katika Kilungu na Kiswahili.”

Yambwa iliyopotea imerudishwa kwa kihusishi -a, na ndiyo inayombainisha mtu huyu miongoni mwa watafiti wote. “Rukwa” nayo haiwezi kukatwa, kwa kuwa jina Kasanga linatumika pia katika sehemu nyingine za Tanzania.

4.0 Nomino Zenye Uthibitisho: Kezilahabi

Uthibitisho peke yake, hata hivyo, hautoshi. Uzito nao huhesabiwa. Euphrase Kezilahabi (1944–2020) aliandika Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), Nagona (1990) na Mzingile (1991), pamoja na diwani za Kichomi (1974), Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008). Nomino mwanariwaya na mshairi zimejaa. Kwa upande wa tamthilia hutajwa Kaptula la Marx. Kumwita “mwanariwaya, mshairi na mwanatamthilia” si uongo, lakini nomino tatu zilizopangwa sambamba humfanya msomaji azipe uzito sawa. Vilevile alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Botswana. Katika kitabu cha historia ya fasihi, “mwanariwaya na mshairi wa Kiswahili kutoka Ukerewe” unatosha; katika kumbukumbu za chuo, “profesa wa fasihi” ingetangulia.

5.0 Hitimisho

Wasifukazi hauna budi kuhifadhiwa mzima, kwa sababu ndio shahidi wa fupisho zote zinazofuata. Mstari mmoja unaoweza kukunjuliwa tena hadi kwenye tarehe zake ni ufupisho. Usioweza kukunjuliwa hivyo umeongeza jambo ambalo mhusika hakulifanya.