Vitanzi Visivyogusana

Mota ndogo ya volti 12 ina ubishi ndani yake. Umeme ukipita kwenye koili, rota inazunguka; rota ikishazunguka inazalisha umeme wake yenyewe, nao unaupinga ule ulioingia. Mwendo unatokana na umeme, na kiasi cha umeme kinachopita kinatokana na mwendo. Ukiuliza volti 12 zitatoa mwendo gani, hujui uanze kuhesabu upande upi.

Wahandisi wa udhibiti hujinasua kwa kuchora. Kila sehemu ya mota huwa kisanduku, na mishale huonyesha nini kinaingia na nini kinatoka. Kisha visanduku vinapunguzwa. Vinavyofuatana huzidishwa, vinavyokwenda sambamba hujumlishwa. Kisanduku G ambacho tokeo lake hurudi nyuma kupitia H na kutolewa kwenye kinachoingia, hugeuka kuwa kisanduku kimoja: G/(1+GH). Unaendelea hivyo mpaka kibaki kimoja tu, nacho ndicho uwiano wa kinachotoka kwa kinachoingia.

Njia hii ni nzuri hadi vitanzi vya mrejesho vinapopishana, kimoja kikianzia katikati ya kingine. Hapo inabidi uhamishe mishale kuvuka visanduku, na kila ukihamisha lazima uzidishe au ugawanye kwa kisanduku ulichokivuka. Ukisahau mara moja, jibu linaharibika bila kukupa ishara yoyote.

Mwaka 1956 Samuel Mason, wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, alichapisha kanuni inayoacha mchoro ulivyo. Unahesabu njia na vitanzi, basi. (Claude Shannon alikuwa ameifikia kanuni ya namna hiyo mwaka 1942, lakini katika ripoti ya siri ya wakati wa vita.)

Turudi kwenye mota. Ukinzani wa koili ni R, na L ni tabia ya koili kuchelewesha mabadiliko ya umeme. Uzito wa rota unaokataa kubadili mwendo ni J, msuguano ni b, na K ni nambari inayogeuza ampea kuwa nguvu ya kuzungusha, na mwendo kuwa volti za upinzani. Kugawanya kwa s maana yake ni kulimbikiza kadiri muda unavyokwenda. Njia ya kutoka volti hadi mwendo ni moja: K/(LJs²). Vitanzi ni vitatu, vyote vya kupunguza: cha umeme, −R/(Ls), cha msuguano, −b/(Js), na kikubwa cha volti za upinzani, −K²/(LJs²).

Kanuni inataka uigawanye njia kwa kitu kinachoitwa delta: moja, toa jumla ya vitanzi, ongeza zao la kila jozi ya vitanzi visivyogusana, yaani visivyo na nukta hata moja ya pamoja. Vikiwapo vitatu visivyogusana, zao lao hutolewa, na kuendelea hivyo. Hapa kitanzi cha umeme na cha msuguano havigusani, kwa hiyo zao lao, Rb/(LJs²), linaingia. Ukirahisisha unapata:

K / (LJs² + (RJ + Lb)s + Rb + K²)

Jozi hiyo ndiyo wanafunzi wengi huisahau. Tuone inagharimu nini. Tuchukue R omu 2, b 0.005 na K 0.1. Mwendo ukishatulia, s ni sifuri, kwa hiyo inabaki K/(Rb + K²), yaani 0.1 kwa 0.02: radiani 5 kwa sekunde kwa kila volti. Volti 12 zinatoa radiani 60.

Anayesahau Rb anapata 120. Mwulize mota yenyewe: kwa mwendo wa 120 volti za upinzani ni 12, sawasawa na zilizoingia. Hakuna ampea hata moja inayopita, hakuna nguvu ya kuzungusha, na bado msuguano unadai nguvu yake. Haiwezekani. Kwa mwendo wa 60, upinzani ni volti 6. Zilizobaki 6 zinapitisha ampea 3, ambazo zinatoa nyutoni-mita 0.3. Msuguano nao ni 0.005 mara 60, yaani 0.3 ileile.

Ukitaka kujua mzigo utaupunguza mwendo kiasi gani, delta ni ileile, ila njia ni fupi: −1/(Js). Njia hiyo haigusi kitanzi cha umeme, kwa hiyo inazidishwa kwa sehemu ya delta isiyoigusa, 1 + R/(Ls). Mwendo ukitulia, jibu ni −R/(Rb + K²), yaani −100. Mzigo wa nyutoni-mita 0.1 unashusha mwendo kutoka 60 hadi 50.

Yote haya yanadai kwamba kila kisanduku kikiingiziwa mara mbili kitoe mara mbili. Ipe mota hii volti 0.2: kanuni inaahidi radiani 1 kwa sekunde, lakini mota halisi huenda isisogee kabisa, kwa kuwa brashi zimeibana rota.