"NIMEFUNGIWA!" LAKINI UMEFUNGIWA NINI?

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa mama mmoja anayeuza vitenge na mashuka Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Ana meza yake sokoni, lakini wateja wake wengi humwona kwanza katika ukurasa wake wa Facebook, na picha za mzigo mpya huzisambaza katika vikundi vya akina mama vilivyomo humo humo. Asubuhi moja anafungua simu na kukuta taarifa kwamba kwa siku kadhaa hataweza kuchapisha katika vikundi. Jioni anamwambia mumewe neno moja tu: "Nimefungiwa."

Neno hilo ndilo chanzo cha hasara nyingi. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, aliyezuiwa kutoa maoni amefungiwa. Ambaye picha zake hazionwi na watu amefungiwa. Na ambaye akaunti yake imeondolewa kabisa naye pia amefungiwa. Kumbe mambo hayo ni tofauti, kama vile barua ya onyo kazini isivyokuwa sawa na barua ya kuachishwa kazi. Mfanyakazi anayepokea onyo akadhani amefukuzwa, akaacha kuripoti kazini, huyo hujifukuza mwenyewe.

Kuzuiwa baadhi ya vitendo

Taarifa aliyoipata mama wetu ni ya aina ya kwanza. Akaunti yake ipo, ukurasa wake upo, na wateja wanaweza kuutazama na kumwandikia. Alichonyang'anywa ni kitendo kimoja, tena kwa muda.

Utaratibu wa adhabu hizo ulirekebishwa Februari 2023. Kosa linalothibitishwa linaweza kuwekewa alama. Alama ya kwanza ni onyo tu. Kuanzia alama ya 2 hadi ya 6, mwenye akaunti anaweza kuzuiwa kitendo fulani kwa muda, mathalani kuchapisha katika vikundi. Ikifika alama ya 7, anazuiwa kuchapisha na kutoa maoni kwa siku 1. Alama ya 8, siku 3. Alama ya 9, siku 7. Na kuanzia alama ya 10, siku 30. Alama hufutika baada ya mwaka mmoja. Makosa mazito sana, kama vile picha za kuwadhalilisha watoto kijinsia, hayasubiri ngazi hizi: akaunti huondolewa kwa kosa moja.

Dalili ya kizuizi cha aina hii ni kwamba kina tarehe ya mwisho, na hutaja kitendo kinachozuiwa. Ukiona mambo hayo mawili, usihangaike. Kama unaamini hukukosa, omba taarifa ipitiwe upya. Ukishinda, alama ile huondolewa. Kama ulikosa, subiri siku ziishe.

Kupunguziwa watazamaji

Aina ya pili ni ya kimya zaidi. Hapa hakuna unachozuiwa kufanya. Unachapisha kama kawaida, lakini chapisho lako linasukumwa chini katika orodha ya yale ambayo watu huonyeshwa, hivyo wachache hulifikia.

Mama wetu angeweza kujiletea adhabu hii bila kujua. Wauzaji wengi wana mazoea ya kuandika, "Andika NDIYO, kisha watumie rafiki zako kumi, ujipatie kitenge bure." Maneno ya namna hiyo yanahesabiwa kuwa ni kuwarubuni watu wabonyeze, na tangu Desemba 2017 Facebook ilitangaza kwamba machapisho hayo yatashushwa, na kwamba ukurasa wenye mazoea hayo utapunguziwa watazamaji wa machapisho yake kwa jumla. Dawa yake haipo katika kuomba radhi wala katika kungoja tarehe. Dawa ni kuacha mazoea hayo, na kuandika bei, urefu wa kitenge na mahali kinapopatikana.

Ndugu yake wa karibu ni ukurasa kutopendekezwa. Hapo wale wanaoufuata huendelea kuuona, ila mtandao hauupeleki mbele ya wageni ambao hawajaufahamu. Kwa mfanyabiashara, maana yake ni kwamba wateja wa zamani wapo, lakini wapya hawaongezeki.

Hata hivyo, tusiite kila upungufu adhabu. Hata bila kosa lolote, machapisho ya ukurasa hayaonyeshwi kwa kila anayeufuata. Kwa upande mwingine, si kila adhabu ya aina hii hutangazwa. Ndiyo maana ni vyema kutazama wiki kadhaa mfululizo kabla ya kuamua, kuliko kuhukumu kwa picha moja iliyokosa wateja.

Kusimamishwa na kuondolewa

Sasa tuje kwenye kufungiwa kwenyewe. Akaunti iliyosimamishwa haifunguki kwa matumizi, na watu wengine hawaioni. Kipimo ni rahisi: mwombe jirani akutafute kwa simu yake. Akiiona akaunti yako na picha zako, hujasimamishwa, hata kama wewe mwenyewe umezuiwa kuchapisha.

Hata kusimamishwa si mwisho wa safari papo hapo. Kwa kawaida taarifa hutaja siku 180 za kukata rufani. Muda huo ukipita bila rufani, akaunti huondolewa moja kwa moja, na picha na anwani za wateja hupotea nayo. Hapa, tofauti na ile aina ya kwanza, kungoja ndiko kunakoumiza.

Mama wetu alipokosea

Turudi kwa mama wetu. Kwa kuwa aliamini amefungiwa, alifanya mambo mawili. Kwanza alifungua akaunti nyingine kwa jina la bandia ili aendelee kuingia katika vikundi. Kukwepa adhabu kwa njia hiyo ni kosa jingine, tena kubwa kuliko lile la awali.

Pili, usiku ule alipokea ujumbe uliojiita wa "kitengo cha usaidizi", wenye nembo na maneno makali: ukurasa wake utafutwa katika saa 24 asipothibitisha. Akabonyeza kiungo, akaandika neno lake la siri. Kufikia alfajiri ukurasa ulikuwa mikononi mwa mwizi, ambaye aliwauzia wateja wake vitenge visivyokuwapo. Kizuizi cha siku chache kiligeuka kuwa hasara ya miaka ya kazi.

Angejuaje? Taarifa ya kweli hukaa ndani ya programu yenyewe. Ifungue, nenda "Help & support", kisha "Support Inbox". Humo utakuta kosa unalodaiwa, adhabu uliyopewa na njia ya kulipinga. Tishio lililokuja kama ujumbe wa kawaida, au kwa kutajwa jina lako katika chapisho la mtu usiyemjua, na ambalo humo ndani halimo, ni la tapeli.

Kwa hiyo, msomaji mpendwa, siku taarifa itakapokufikia, kabla ya kumwambia yeyote kwamba umefungiwa, isome ukijiuliza: Imenizuia kitendo gani? Inakwisha lini? Je, jirani bado ananiona? Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yatakayokuonyesha kama unapaswa kungoja, kujirekebisha, au kukata rufani siku hiyo hiyo.